Kwenye daladala anasikia, nyumbani hasikii

Mama mmoja wa Tanga, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 31, alianza kugombana na mumewe kwa sababu ya kunong'ona. Ndivyo alivyoona yeye: mume ananong'ona. Mume naye aliona mke amekuwa na dharau, anaitwa mara tatu haitiki. Cha ajabu, sauti nyembamba za watoto darasani alizisikia bila shida. Kwenye daladala lenye muziki na kelele za konda alisikia kuliko abiria wenzake. Ila wakikaa mezani kula, huku anatafuna, mazungumzo yalimpita.

Mambo hayo yalianza kidogo kidogo alipokuwa na mimba ya kwanza. Alijifungua salama, lakini usikivu haukurudi ulivyokuwa. Alipopata mimba ya pili hali ikazidi, hasa sikio la kulia. Shangazi yake, ambaye naye alipoteza usikivu akiwa bado kijana, alimwambia kwamba mimba huja na mambo yake, avumilie. Akavumilia hadi wiki ya 27. Usiku mmoja sikio lile la kulia likaanza kupiga du, du, du, na halikunyamaza hadi asubuhi.

Hakusubiri tarehe ya kliniki. Alikwenda siku hiyohiyo, na muuguzi hakuanza na sikio. Alianza na shinikizo la damu na mkojo. Katika nusu ya pili ya mimba, mlio masikioni unaoambatana na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, au maumivu ya juu ya tumbo, unaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia. Shinikizo likifika 140 kwa 90 au zaidi, habari ya sikio inawekwa kando kwanza. La mama huyu lilikuwa 116 kwa 74, na mkojo haukuwa na protini. Damu ndiyo ilikuwa chini: hemoglobini 8.6, wakati mjamzito hutakiwa kuwa na 11 hivi.

Hapo nusu ya fumbo ilifunguka. Katika ujauzito, damu mwilini huongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, na moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Damu ikiwa nyepesi kwa kukosa madini ya chuma, hupita kwa kasi kwenye mishipa iliyo jirani na sikio. Mlio unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo mara nyingi ni damu hiyo. Mama alishika mkono wake, akahesabu mapigo huku akisikiliza: yalilingana. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, na baada ya wiki kadhaa mlio ulipungua. (Mlio wa mapigo unaokuja na maumivu ya kichwa au macho kufifia ni suala jingine. Huo huangaliwa upesi hata kama shinikizo la damu ni zuri.)

Lakini mbona ulisikika upande mmoja tu, tena ule mbovu? Swali hilo lilimpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Daktari aliangalia ndani ya sikio: hakuna nta, ngoma ya sikio haina tundu wala usaha. Kisha alitumia uma wa sauti, kile chuma chenye matawi mawili kinacholia kikigongwa. Akiushika mbele ya sikio la kulia, mama alisikia kidogo. Akiuegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio hilohilo, alisikia zaidi. Kwa kawaida huwa kinyume chake. Kipimo cha usikivu kilithibitisha: kwa njia ya hewa sikio la kulia lilihitaji sauti ya desibeli 45 ndipo lisikie, kwa njia ya mfupa 15 tu. Mshipa wa fahamu ulikuwa mzima. Sauti ilikuwa inakwama njiani.

Inapokwama ni kwenye kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, wenye urefu wa milimita 3 hivi. Kazi yake ni kucheza kama pistoni na kusukuma sauti ndani ya sikio la ndani. Katika ugonjwa uitwao otosklerosisi, mfupa mpya huota kwenye kitako cha kikuku na kukigandisha. Sauti nzito, kama za wanaume, ndizo hupotea kwanza. Na kwa kuwa sauti za nje zinapungua huku zile za mwili zikipita kwenye mfupa bila kizuizi, mtu hujisikia anavyotafuna, na mapigo ya damu humlilia sikioni. Kwenye kelele hazimsumbui sana, na wanaomsemesha hupaza sauti zao. Ndiyo siri ya daladala.

Ugonjwa huu hufuata ukoo, ndiyo maana daktari aliuliza sana habari za yule shangazi. Kwa watu wa asili ya Afrika hauonekani sana kama kwa Wazungu au watu wa India, kwa hiyo hapa kwetu nta na usaha hufikiriwa kwanza, na ni sawa. Kuhusu mimba, zamani wanawake wenye ugonjwa huu walionywa wasizae tena. Wapo wanaosikia vibaya zaidi wakiwa wajawazito, kama mama huyu. Lakini baadhi ya tafiti zilizolinganisha waliozaa na wasiozaa hazikuona tofauti ya usikivu. Si sababu ya kumnyima mtu mtoto anayemtaka.

Kabla hajaondoka, daktari alimfundisha jambo moja la kufanya nyumbani: funga mdomo, guna "mmm", sikiliza sauti inaelemea sikio gani. Ikielemea sikio bovu, kama lake, huenda sauti imekwama njiani, iwe ni kikuku, nta au mafua, nayo inaweza kungoja miadi. Ikielemea sikio zima, huku jingine limezibika ghafla ndani ya saa au siku tatu, basi mshipa wa fahamu unaweza kuwa umeguswa. Hapo haisubiriwi kliniki ijayo, hata kwa kudhani ni mafua. Dawa za steroidi zinazotumika hufaa zaidi zikianza siku za mwanzo, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana. Kuguna si kipimo kamili. Sikio lililoziba ghafla, au kizunguzungu cha nyumba kuzunguka, vinatosha kukupeleka hospitali siku hiyo. Taja pia dawa ulizotumia: kwinini, kwa mfano, huleta mlio masikio yote mawili, lakini usiiache katikati ya dozi bila kumwona aliyekuandikia.

Upasuaji wa kubadilisha kikuku uliahirishwa hadi baada ya kujifungua, pamoja na picha ya sitiskani. Kipimo cha usikivu hakina mionzi, hivyo kilifanyika bila wasiwasi. Alipewa kifaa cha kusaidia kusikia, na kwenye kadi yake ya kliniki ikaandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba asemeshwe akiwa anaangaliwa usoni. Leba ilipofika, mkunga aliisoma, akavuta barakoa chini na kusimama mbele yake kila alipomwambia asukume au apumzike. Sasa mtoto ana miezi minne. Usiku mama hulalia sikio la kulia, la kushoto likabaki juu kumsikiliza mtoto, na mwezi ujao anarudi kupimwa tena.