Jiwe la Kusagia na Alama Nilizomnyima Mwanafunzi

Kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Ikungi, nilifundisha Historia na Kiswahili katika shule za sekondari. Kati ya maelfu ya madaftari niliyosahihisha, iko ripoti moja niliyoihukumu vibaya, na kosa lenyewe sikulitambua mpaka siku nilipoinama juu ya jiwe la kusagia la marehemu mama yangu.

Tulikuwa tumewapeleka wanafunzi Dar es Salaam, katika Kijiji cha Makumbusho kilichopo kando ya Barabara ya Bagamoyo, ambako nyumba za jadi za makabila ya Tanzania zimejengwa pamoja na vyombo vyake. Vijana wetu wa Singida walikaa sana kwenye tembe ya Wagogo, kwa kuwa lile paa bapa la udongo liliwakumbusha nyumba za mababu zao Wanyaturu. Humo waliona jiwe la kusagia. Niliwaagiza kila mmoja achague kifaa, kisha aandike kinatufunulia nini kuhusu maisha ya kila siku ya watu waliokitumia.

Wengi walinakili maelezo ya kibao, nami nikawapa alama nzuri kwa sababu hawakukosea. Msichana mmoja aliandika mengine. Alisema uso wa jiwe umebonyea katikati, upande mmoja umeinuka kuliko wa pili, na ndani ya bonde lake mna vishimo vidogovidogo vilivyogongwa kwa makusudi. Akahitimisha: "Jiwe hili lilisaga, nalo pia lilinolewa." Nikaandika kwa wino mwekundu: "Haya umeyatoa wapi? Hayamo kwenye maelezo."

Miaka ilipita. Tulipokuwa tukihamisha vyombo vya mama, nililigeuza jiwe lake, nikapapasa uso wake, na vidole vyangu vikakutana na vishimo vilevile. Hapo nikakumbuka nilichokiona utotoni bila kukitazama. Mama alipiga magoti upande ulioinuka, akasukuma jiwe dogo la mkononi kwenda mbele na kulirudisha, na unga ukateremka upande wa chini na kuangukia kwenye ungo. Uwele na mtama ulikuwa umekwisha kutwangwa kinuni na kupepetwa. Kwa jinsi jiwe lilivyotumika, uso wake ulilainika, na punje zikawa zinateleza badala ya kuvunjika. Ndipo mama alipochukua jiwe gumu zaidi na kuugonga uso huo taratibu mpaka ukakwaruza tena. Unga wa kwanza baada ya kugonga hatukuula, kwani ulikuwa na mchanga.

Kumbe binti yule alikuwa ameisoma kazi nzima katika alama za jiwe. Bonde lilimwambia kwamba kazi ilirudiwa kwa miaka mingi mahali palepale. Mwinamo ulimwambia msagaji alikaa upande gani na unga ulitokea wapi. Vishimo vilimwambia kwamba kifaa kilihitaji matunzo, na kwamba katika nyumba ile alikuwako mtu mwenye ujuzi huo. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo kibao kingeweza kumpa.

Leo ningemwomba marekebisho ya lugha tu, maana katika ripoti ya namna hii kitenzi ndicho kinachobeba ushahidi. Kilicho mbele ya macho kiandikwe kwa hali timilifu: "Uso wa jiwe umebonyea." Kinachotokana na alama hiyo kitajwe kuwa ni hitimisho: "Kubonyea huku kunaonyesha kwamba lilitumika kwa muda mrefu." Kisichoonekana katika jiwe lenyewe kitanguliwe na "huenda", au na jina la chanzo chake. Kwamba wasagaji walikuwa wanawake, kwa mfano, jiwe halisemi. Tunaambiwa na wazee. Umri wake pia halisemi, kwa kuwa jiwe laini huliwa upesi kuliko jiwe gumu. Mwanafunzi akiandika "wanawake husaga hapa", amechanganya alichokiona, alichosimuliwa na alichokidhani ndani ya kitenzi kimoja, na msomaji hana namna ya kuvitenganisha.

Jiwe la mama sasa liko uani kwangu. Mvua ikinyesha, bonde lake hujaa maji, na kuku hunywa humo. Juzi mjukuu wangu aliniuliza ni nani aliyewachongea kuku chombo kizuri namna ile. Sikumjibu mara moja. Nilimwambia apige magoti, aingize mkono ndani ya maji, apapase chini, kisha aniambie vidole vyake vimegusa nini.