Bango Nililoliandika Mimi

Nilikosea, na kosa langu lilikaa ukutani kwa herufi nyekundu. Nilikuwa muuguzi katika kituo kimoja eneo la Laare, nikaombwa niandike bango la chumba cha kungojea. Nikaandika: "Usiwe mtoro wa dawa. Ukimwi unaua." Nikachora fuvu la kichwa juu yake, nikalibandika kando ya mlango wa kliniki ya VVU ili mhusika asilikose.

Niliamini hofu ingewarudisha watu. Benchi lililo chini ya bango ndilo lililonipa ishara ya kwanza, kwa kuwa lilibaki tupu hata siku za msongamano. Kuketi pale kulikuwa kujitangaza.

Kisha dereva mmoja wa pikapu ya miraa akakosa tarehe yake ya dawa. Miraa haingoji: huchumwa, hufungwa na kupakiwa siku hiyo hiyo, ifike Nairobi kabla haijanyauka. Aliporudi Laare alikuja kituoni, akasoma maneno yangu, akaondoka. Tulipomwona tena, kipimo cha wingi wa virusi kilikuwa kimepanda. "Sista," aliniambia, "niliona mmeshanihukumu."

Hakuwa ametoroka, alikuwa kazini. Mtu ambaye virusi vyake vimedhibitiwa anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, na akikwama safarini anaweza kuomba za siku chache katika kituo kingine. Hayo nilikuwa nayajua. Sikuyaandika.

Tulilibandua. La pili niliwasomea kwanza watu wanaotumia dawa hizi, nao wakafuta nusu ya nilichoandika. Walinidai pia sentensi niliyoikwepa kwa kuogopa kwamba watu wangelegea: anayemeza dawa kila siku, na vipimo vikaendelea kuonyesha virusi havionekani, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Niliwaficha habari hiyo watu waliostahili kuipata kuliko mtu yeyote.

Bango likasomeka hivi: "Kupima ni hiari yako, na majibu ni siri yako. Dawa zipo, bila malipo. Umechelewa tarehe? Karibu, tuendelee. Unasafiri? Tuambie tukupangie dawa za kutosha." Tuliliweka wanapongoja wote, akina mama wenye watoto wa chanjo na wenye homa, ili kulisoma kusimtie mtu yeyote alama.

Bango hilo halikubadili saa za kliniki, na dereva anayerejea usiku bado anakuta mlango umefungwa. Hilo halitatuliwi kwa karatasi.

Wewe uliyekosa tarehe, usingoje ijayo. Nenda leo, hata kituo kilicho karibu na ulipo, ukiwa na kadi au chupa yako ya dawa, useme siku ulizokosa. Anayekupokea kwa lawama, kama nilivyofanya mimi, ndiye mwenye kosa.