Rosta ya Gesti, Kawetele

Rosta ya kwanza aliyoikuta msimamizi wa gesti moja ya Kawetele, nje kidogo ya mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, ilikuwa ukurasa wa daftari la hesabu uliobandikwa nyuma ya mlango wa jiko. Majina manane yaliandikwa kwa kalamu ya wino, na baada ya siku mbili nusu yake yalikuwa yamekatwa. Aliyebadilishana zamu na mwenzake aliandika jina juu ya jina. Mvua za Rungwe nazo hazikuacha karatasi salama. Kufika Jumatano, aliyetaka kujua nani analala mapokezi usiku alimuuliza mpishi.

Kisha likaja kundi la WhatsApp. Kila Jumapili jioni msimamizi aliuliza nani anaweza lini, na majibu yakamiminika usiku kucha: sauti za dakika mbili, picha za vidole gumba, na “Dada, Jumamosi nina kikoba, naomba nisiwekwe.” Ombi hilo lilifunikwa na salamu za asubuhi kabla hajalinakili. Watu walisema wanachoweza, ila alichosema nani kuhusu siku gani kilipaswa kufukuliwa upya kila mara.

Ugumu wenyewe ulitokana na maisha ya Rungwe. Karibu kila mfanyakazi pale alikuwa na kazi ya pili nyumbani. Mwenye ng’ombe wa maziwa hukamua alfajiri, hivyo zamu inayoanza saa 12 asubuhi hawezi. Mwenye shamba la chai ana siku zake za kuchuma, na jani likishachumwa halingoji. Kuna wanakwaya wa Moravian, kanisa lililoingia Rungwe mwaka 1891, ambao Jumapili asubuhi hawapatikani. Na kuna Wasabato, ambao hawafanyi kazi tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Hakuna aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alikuwa na saa zake.

Ndipo msimamizi akatengeneza fomu kwa simu, kwenye Google Forms, na toleo la kwanza liliuliza saa: unaanza kupatikana lini, unaishia lini. Majibu yalikuwa vichekesho. Mmoja aliandika 1:00 akimaanisha saa moja asubuhi, fomu ikasoma saa saba usiku. Mwingine akageuza kichwani na kuandika 7:00. Safu moja ikawa na saa za aina mbili, na hakuna aliyeweza kuzitenganisha bila kupiga simu.

Kwa hiyo saa zikaondolewa. Toleo la pili likawa na maswali mawili tu. La kwanza ni jina, la kuchagua kwenye orodha badala ya kuandika, ili mtu mmoja asitokee kwa tahajia tatu. La pili ni jedwali la kutia alama: siku saba zikishuka chini, na juu yake Asubuhi, Jioni, Usiku na Siwezi. Hiyo “Siwezi” inaonekana ya ziada, lakini bila hiyo kisanduku kitupu kina maana mbili: huyu hawezi, au huyu amesahau. Kila mstari ulilazimishwa kujibiwa. Fomu hutoka Jumapili na kufungwa Jumanne jioni. Wenye kitochi hupiga simu mapokezi na mwenzao huwajazia. Aliyejaza mara mbili, mstari wake wa mwisho ndio unaobaki. Safu ya kwanza ya jedwali la majibu, Timestamp, inaonyesha upi ni wa mwisho.

Kabla ya jina lolote kupangwa, inakuja hesabu ya mahitaji. Asubuhi ni saa 12 hadi saa 8 mchana, watu wawili. Jioni ni saa 8 hadi saa 4 usiku, wawili. Usiku ni saa 4 hadi saa 12 alfajiri, mmoja. Ni nafasi 5 kwa siku, 35 kwa wiki. Wafanyakazi 8 wakifanya zamu 5 kila mmoja wanajaza 40. Ziada ni 5, yaani mtu mmoja. Akienda likizo, hakuna tena pa kupumulia.

Zamu 5 za saa 8 ni saa 40. Ya sita inafikisha 48, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Sheria hiyo hiyo inadai mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Hapo ndipo daftari la zamani lilipokuwa likiumiza watu bila kelele: aliyetoka jioni saa 4 usiku alirudishwa saa 12 asubuhi, akiwa na saa 8 tu za kwenda nyumbani, kulala na kurudi.

Majibu yakishaingia, chini ya kila siku msimamizi huhesabu wanaoweza kila zamu. Jumamosi iko safu ya H:

```
=COUNTIF(H2:H9,"*Usiku*")
```

Wiki moja ya masika namba ilitoka 2: kijana mmoja na dada mmoja Msabato. Wanakwaya walikuwa wamejitoa, maana atakayekesha hadi alfajiri ya Jumapili hataimba. Rasimu iliyopangwa kwa kuanzia Jumatatu kushuka chini ilikuwa imemmaliza dada yule kwa asubuhi tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na kijana alikuwa amewekwa Jumamosi jioni. Usiku wa Jumamosi ukabaki mtupu, wakati wawili waliouweza wapo.

Dawa ilikuwa kugeuza mpangilio. Zamu yenye namba ndogo kuliko zote hujazwa kwanza, siku yoyote iwayo. Dada akapewa usiku wa Jumamosi, unaoanza jua limeshatua, na akaondolewa asubuhi ya Alhamisi, ambayo watu sita waliiweza. Ijumaa asubuhi akabaki nayo, kwa sababu anatoka saa 8 mchana. Rasimu yote ilifunga baada ya jina moja kuhama.

Fomu ina ubaya wake, na msimamizi huyu haufichi: inamwonea mkarimu. Anayetia alama kila kisanduku ndiye anayeangukiwa na kila usiku, na mwerevu anayejaza “Siwezi” analala kwake. Ndiyo maana pembeni ya majina kuna safu ya usiku uliofanywa katika wiki nne zilizopita. Wawili wakiweza zamu moja, mwenye namba ndogo ndiye anayeingia. Usiku una nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kisheria, lakini kwa mwenye ng’ombe wa kukamua hiyo hailipi usingizi.

Na msiba hauingii kwenye fomu. Iliyofungwa Jumanne haijui nani atafiwa Ijumaa, na Rungwe mtu hakosi kuzika. Hapo zile nafasi 5 za ziada ndizo hutumika, na simu hupigwa kama zamani.

Siku hizi karatasi hubandikwa Jumatano ikiwa na neno RASIMU juu yake, na mabadiliko hupokelewa hadi Alhamisi jioni. Msimamizi mwenzake anayetaka kuanza asikimbilie kutengeneza fomu: aandike kwanza kila zamu inahitaji watu wangapi, ajumlishe, kisha alinganishe na watu alionao. Jumla ikizidi, fomu haitamwongezea mtu.