Ung'eng'e wa Dakika Moja Ulivyonitoa Jasho kwenye Baridi ya Sumbawanga

Leo naongea yangu mwenyewe.

Mwezi wa 7 mshikaji wangu alioa hapa Sumbawanga, nikawa msimamizi wake. Bibi harusi kwao ni Mbala, Zambia, ukishavuka mpaka wa Kasesya. Wakwe Kiswahili hawakijui, wazee wetu wa Kifipa nao Kizungu kinapita juu kwa juu. Kamati ikaamua MC atatafsiri, lakini maneno ya kugonga glasi niyaseme mimi, kwa ung'eng'e. Mimi, niliyepata ziro kidato cha nne!

Nikaandika kwenye simu usiku kucha. Asubuhi nikampelekea dada yangu, ni mwalimu wa Kiingereza. Akacheka mpaka akakaa chini.

Sentensi ya kwanza nilikuwa nimeandika "I am knowing my friend since 2014". Dada akasema, "Mdogo wangu, hapo umeongea Kiswahili kwa maneno ya Kizungu." Kweli, sisi tunasema "namjua tangu 2014", wakati uliopo, na mambo yanaenda. Kizungu kitu kilichoanza zamani na bado kinaendelea kinataka "I have known". Na hilo "know" huwa halivai "-ing" kwenye sentensi kama hiyo.

Ya pili ilikuwa "He is the one who bought for me phone". Kichwani nilikuwa nasema "yeye ndiye aliyeninunulia simu". Dada akakata mkia wote, ikabaki "he bought me a phone". Hako ka "a" kadogo sisi hatuna, ndiyo maana tunakasahau kila mara.

Halafu balaa lenyewe. Kuhusu bibi harusi niliandika "he is very lucky". Kwetu "yeye" ni yeye tu, mwanaume au mwanamke, ulimi haujazoea kuchagua. Ningemwita bibi harusi mwanaume mbele ya baba yake! Dada akanishauri nisitegemee kukumbuka "she". Niongee naye moja kwa moja kwa "you", neno lisilojali jinsia. Ujanja huo ulinikoa.

"Congratulations for" ikawa "on", kisha tukaitoa kabisa maana MC alishasema hongera mara mia. "Take our glasses up" ikawa "raise your glasses".

Mpaka hapo safi. Tatizo likaja alipoanza kulainisha. Sentensi zangu zilikuwa fupi fupi zinagongana, akaziunganisha kwa "when", vizuri tu. Lakini ile habari ya simu akaifuta akaweka "we stood together through thick and thin". Nikasoma kwa sauti, inateleza kama mafuta. Ila haikuwa ya kwangu. Ingefaa harusi yoyote ile.

Ukweli ni huu. Matokeo yalipotoka nilijifungia ndani wiki nzima. Jamaa akauza baiskeli yake, akaninunulia simu, akaniambia, "Si unapenda kuandika? Andika." Simu hiyo ndiyo nilianzia kuwaandikia nyie. Sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia dada, sarufi nisahihishie, baiskeli niachie.

Akakaa kimya kidogo. Kisha tukapata hii:

"I have known my friend since 2014, when we shared a desk at school. When I failed Form Four, he sold his bicycle and bought me a phone. He has never asked for the money. To his wife: you have married a man who keeps quiet about the good he does. Please raise your glasses. To the bride and groom!"

Nikaisoma mara kumi kwa sauti. Kila nilipokwama palikuwa na neno la dada, nikaweka langu jepesi. Kwa mwendo wa polepole ilikuwa kama sekunde 40. Mwisho tukaacha majina ya wanaonyweshewa glasi, maana ukumbi unasubiri hapo ili ujue sasa ndiyo wakati wa kunywa.

Ukumbini mikono ilitetemeka. Nilipofika kwenye baiskeli, bibi harusi akageuka kumwangalia mumewe. Kumbe hata yeye hakuwahi kuambiwa. Jamaa akainamisha kichwa. Baba mkwe akasimama na glasi yake ya soda kabla sijamaliza. Wazee wetu wakasubiri MC atafsiri, kisha shangwe ikaja mara ya pili.

Dada kanitumia meseji usiku: baiskeli ilikuwa sahihi.

Wewe je, ulishawahi kupewa maiki kwa ung'eng'e? Shuka nayo hapo chini, tusichekane.