OMU 377 YA UTUPU NI OMU YA NAMNA GANI?



Katika darasa letu la sita kuko swali moja lisilotaka kwisha. Kitabu cha fizike kinasema kwamba utupu uko na impedansi ya omu 377. Basi wadogo wanatuuliza: "Yaya, kama iko omu, si ni kusema utupu unakula nguvu ya redio, sawa vile waya ya pasi inakula umeme na kupata moto?" Wengine wanaongeza: "Shika ommeta, acha ncha zake mbili katika hewa. Sindano haitikisiki hata kidogo. Hizo omu 377 ziko wapi?"

Tuanze na wimbi lenyewe. Wimbi la redio likiisha kufika mbali na anteni, linabeba vitu viwili pamoja. Kiko uwanja wa umeme, E, tunaoupima kwa volti kwa meta. Kiko tena uwanja wa sumaku, H, tunaoupima kwa amperi kwa meta. Hivyo viwili vinakatana kama msalaba, navyo vyote vinakata njia ambayo wimbi linafuata. Vinapanda pamoja, vinashuka pamoja. E ikigeuka inazaa H, na H ikigeuka inazaa E, kwa hiyo hakuna mmoja anayeweza kukua peke yake. Sheria ya Faraday, kwa wimbi linalokimbia kwa mwendo c, inatupa E = cB. Na katika utupu B = μ0H. Tukiviunganisha:

E/H = μ0 c = (4π × 10⁻⁷) × (3 × 10⁸) ≈ 377

Volti kwa meta ukigawanya kwa amperi kwa meta, meta zinakufa, inabaki volti kwa amperi, ndiyo omu. Lakini angalia: ukigawanya E kwa B unapata 300 000 000, na hiyo ni mwendo, meta kwa sekunde. Hesabu ikikuletea namba hiyo, ujue umeweka B pahali pa H.

Sasa tupime. Hapa Bunia tunasikia Redio Candip na Redio Okapi. Tuweke mfano wetu tu: anteni moja inatoa wati 1000, inazigawa sawasawa pande zote. Kwa kilometa 10, nguvu imeenea juu ya tufe kubwa, na kila meta mraba inapokea wati 0,0000008 hivi. Nguvu hiyo ni nusu ya E mara H, tukichukua vilele vyao. Basi kilele cha E ni volti 0,0245 kwa meta, na cha H ni amperi 0,000065 kwa meta. Gawanya: 377. Twende kilometa 20. E imebaki nusu, H imebaki nusu, nguvu ya kila meta mraba imebaki robo. Gawanya tena: 377 ile ile.

Je, utupu umekula robo tatu? Hapana. Tufe la kilometa 20 lina uso mara nne kuliko lile la kwanza. Kusanya nguvu ya uso wote, utapata tena wati 1000 kamili. Omu za pasi zinasema nguvu gani inageuka moto. Omu 377 zinasema tu kiasi gani cha H kinakwenda pamoja na kila E. Ommeta haiwezi kuzionyesha, maana yenyewe inasukuma umeme wa batri kati ya ncha mbili, na katika hewa hakuna kitu cha kuupitisha.

Kazi yake inaonekana wimbi linapokuta kitu kingine. Kwa megahertzi 100, ndani ya maji ya Ziwa Albert, kule Kasenyi, E/H inashuka karibu mara 9, inakuwa omu 42 hivi. Juu ya uso wa maji E na H za pande mbili zinapaswa kupatana, lakini 377 na 42 hazipatani. Ndiyo maana sehemu ya wimbi inarudi. Kama limeshuka wima, E inayorudi ni (377 − 42)/(377 + 42), ni kusema 0,8. Nguvu inayorudi ni 0,8 mara 0,8, karibu 64 kwa mia. Hiyo pia haikuliwa, imerudishwa tu.

Iko na mpaka wake. Karibu sana na anteni, 377 haifuatwi: kando ya anteni fupi ya fimbo E inazidi, kando ya anteni ndogo ya duara H inazidi. Kwa megahertzi 100 wimbi moja ni meta 3, basi usitumie 377 ukiwa umesimama chini ya anteni. Sogea mbali kwanza, urefu wa mawimbi mengi, ndipo ugawanye.