Daftari la Safu Saba: Kodi ya Mapato Pale Riziki Inapokuja kwa Milango Mingi

Katika nyumba yetu hapa Mombasa riziki huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni mshahara wa mume, ambao mwajiri huukata kodi kabla haujatufikia. Wa pili ni kazi ya mke, anayetafsiri hati na kuandika manukuu ya video kwa njia ya mtandao, naye hana mwajiri mmoja wala mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja hulipwa mara tano, na mwezi unaofuata hapati hata shilingi. Mlango huu wa pili ndio uliotufunza kuweka hesabu, na ndio tunaotaka kuwasimulia wasomaji wenzetu, maana nyumba zenye binti au kijana anayeishi kwa kazi kama hizo ni nyingi.

Jambo la kwanza tulilotaka kulijua ni kama fedha inayotoka ng'ambo inahusika na kodi ya hapa. Inahusika. Mkaazi wa Kenya anayeifanya kazi akiwa nyumbani kwake, kipato chake ni cha Kenya, awe mlipaji yuko Nairobi au London. Na kwa kuwa mlipaji wa ng'ambo hamkatii kodi ya hapa kama afanyavyo mwajiri, wajibu wa kuhesabu, kutangaza na kulipa unabaki juu ya mfanyakazi mwenyewe. Kila mmoja wetu ana namba yake ya PIN, na mke hutoa taarifa yake mwenyewe katika iTax, kwa kuwa kipato ni chake.

Mwaka 2024 walipaji walikuwa wa namna nne. Jukwaa la kazi za mtandaoni hulipa kwa dola kupitia PayPal, na fedha hiyo huhamishiwa M-Pesa. Kampuni ya Uingereza hulipa kwa pauni kupitia benki. Mchapishaji mmoja wa Nairobi hulipa kwa shilingi, naye kupitia benki. Wa mwisho ni wateja wadogo wa hapa mjini, wanaotuma kwa M-Pesa.

Mtu anaweza kudhani kwamba taarifa ya benki na ya M-Pesa zinatosha, kwa kuwa kila senti imeandikwa humo. Tulizijumlisha za mwaka mzima, yote yaliyoingia katika akaunti hizo mbili, tukapata shilingi 832,500. Lakini ndani yake mlikuwa na 150,000 alizotuma ndugu yetu wa Maskati kwa ajili ya dawa za mama, na hiyo ni amana, si ujira. Mlikuwa na 60,000 za zamu yetu ya upatu, ambazo ni michango yetu wenyewe inayoturudia. Mlikuwa na deni la 25,000 tulilolipwa. Na mlikuwa na 130,000 tulizozitoa benki kuzipeleka M-Pesa, ambazo zilihesabiwa mara mbili, kila upande mara moja. Ukiyaondoa yote hayo, ujira uliotufikia kweli ni 467,500.

Taarifa ya benki husema kilichoingia. Haisemi kimeingia kwa sababu gani. Mwezi mmoja baadaye mwenye akaunti bado anakumbuka. Baada ya miezi kumi na tano, akiulizwa na ofisa wa kodi kuhusu fedha fulani ya mwezi wa Machi, hana la kumwonyesha. Kwa hiyo tunaandika siku ileile, na fedha zisizo ujira tumezitengea kurasa za mwisho za daftari, kila moja na jina la aliyetuma na sababu yake.

Kurasa za mbele zina safu saba: tarehe, mlipaji, ujira kamili, kiwango cha ubadilishaji, makato ya gharama, kodi ya zuio, na kilichotufikia. Safu mbili kati ya hizo zinahitaji maelezo.

Ya kwanza ni kiwango cha ubadilishaji. Mwezi Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi takriban 129. Kazi ya dola 100 iliyolipwa Januari ni kama shilingi 16,000, na kazi iyo hiyo ikilipwa Agosti ni kama 12,900. Anayekusanya dola zake zote na kuzigeuza kwa kiwango kimoja cha Desemba hupata jumla isiyolingana na kilichotokea. Sisi huandika kiwango cha Benki Kuu ya Kenya cha siku fedha ilipoingia katika akaunti ya PayPal, si siku tulipoihamisha. Fedha iliyolala PayPal tarehe 31 Desemba imekwisha kuwa kipato cha mwaka huo, ijapokuwa haijafika mkononi.

Ya pili ni ujira kamili. Jukwaa likisema kazi ni shilingi 10,000 kisha likachukua ada ya 1,000, kipato ni 10,000 na ile 1,000 ni gharama ya kazi. Ukiandika 9,000 kuwa ndicho kipato, kisha ukaitoa tena ada katika gharama, umeipunguza mara mbili, na hesabu haitakubaliana na ya mlipaji.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Ujira kamili wa jukwaa ulikuwa 260,000, wa Uingereza 90,000, wa Nairobi 120,000 na wa wateja wadogo 40,000. Jumla ni 510,000. Gharama tulizozitoa ni hizi: ada ya jukwaa 26,000, makato ya kuhamisha fedha 10,500, intaneti 24,000, na punguzo la uchakavu wa kompyuta 15,000. Kuhusu intaneti, tulilipa 36,000 kwa mwaka, lakini watoto nao huitumia, kwa hiyo tulitoa theluthi mbili tu. Kompyuta ilinunuliwa mwaka huohuo kwa 60,000 na ni ya kazi peke yake. Sheria haikuruhusu kuitoa bei yote kwa mwaka mmoja, bali asilimia 25. Jumla ya gharama ni 75,500, na kila moja ina risiti yake. Kinachobaki kutozwa kodi ni 434,500.

Kodi yake hupanda ngazi kwa ngazi. Shilingi 288,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Laki moja inayofuata hutozwa asilimia 25, yaani 25,000. Zilizobaki 46,500 hutozwa asilimia 30, yaani 13,950. Jumla ni 67,750. Hapo hutolewa nafuu ya mtu binafsi, ambayo ni 28,800 kwa mwaka, ikabaki 38,950.

Bado kuna safu ya kodi ya zuio. Mchapishaji wa Nairobi alilipa mara tatu, kila mara 40,000, na kila mara alizuia asilimia 5, yaani 2,000, ili aipeleke Mamlaka ya Ushuru kwa niaba ya mke. Hizo 6,000 si gharama. Ni kodi iliyokwisha kulipwa, nayo hutolewa mwisho kabisa. Kwa hiyo kilichobaki kulipwa ni 32,950.

Ni hapa daftari lilipotufaa zaidi. Mlipaji akishaipeleka kodi ya zuio, cheti chake huonekana katika iTax. Daftari letu lilionyesha makato matatu. iTax ilionyesha vyeti viwili. Tulimwandikia mhasibu wa mchapishaji huyo, tukamtajia tarehe, kiasi na namba ya ankara. Ikadhihirika kwamba makato ya Septemba yalipelekwa kwa namba ya PIN iliyokosewa tarakimu moja. Ilichukua wiki tatu kusahihishwa, na tulikuwa na wiki hizo kwa sababu tuliangalia Februari. Lau tungengoja siku za mwisho za Juni, tungelazimika kuchagua kati ya kuchelewa na kuzipoteza 2,000 ambazo mke alikwisha kukatwa.

Tulijiuliza pia ingekuwaje kama tusingekuwa na daftari, na zile 832,500 za taarifa zikachukuliwa zote kuwa kipato, bila gharama kuthibitishwa. Kwa ngazi zilezile, baada ya nafuu na hizo 6,000, kodi ingefika 152,350. Tofauti ya karibu laki moja na ishirini elfu ni fedha ya dawa za mama, upatu, deni letu na gharama za kazi, ikitozwa kodi isiyoihusu.

Kuhusu tarehe, kodi ya mwaka uliokwisha hulipwa kabla ya mwisho wa Aprili, na taarifa hutolewa kabla ya mwisho wa Juni. Wako wanaozichanganya hizi mbili, wakangoja Juni kulipa, na riba ya ucheleweshaji ya asilimia 1 kwa mwezi ikawa imekwisha kuanza. Anayechelewesha taarifa yenyewe hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Na kodi ya mwaka ikizidi shilingi 40,000, hulipwa kwa awamu nne ndani ya mwaka: Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Sisi tulikuwa chini ya kiwango hicho, lakini tunakikaribia.

Ili Aprili isitukute mikono mitupu, kila malipo yanapoingia mke hutenga sehemu ya kumi. Katika 467,500 alitenga 46,750. Baada ya kulipa kodi zilibaki 13,800. Kwa kipato cha kiasi chetu sehemu ya kumi inatosha. Kipato kikikua haitatosha, kwa kuwa nyongeza yote huangukia ngazi ya asilimia 30. Tumezungumzia kodi ya mapato peke yake. Makato mengine ya serikali yana hesabu zake.

Wasomaji wa ukurasa huu watauliza kuhusu zaka. Daftari hilihili hutusaidia, ila hesabu ni mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Kodi hutazama kilichochumwa kuanzia Januari hadi Desemba, hata kama kimekwisha kutumika. Zaka ya fedha hutazama kilichobaki mkononi kikafika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Kiislamu, ambao ni mfupi kwa siku kama kumi na moja. Kwa hiyo tuna alama mbili katika daftari: moja ya 31 Desemba, nyingine ya tarehe yetu ya hauli. Masuala ya fiqhi yanayozuka hapo tunawapelekea masheikh.

Daftari, ankara, risiti na taarifa za benki tunavihifadhi kwa miaka mitano, kama sheria ya kodi inavyotaka. Vyote vya mwaka mmoja vinaenea katika bahasha moja, iliyoandikwa mwaka wake kwa nje. Bahasha ya 2024 itakaa kabatini hadi hesabu yake itakapokuwa haina wa kuiuliza.