Mtoto wa Mwenzako Akilala Kwako

Shule zimefungwa, na najua ombi ambalo limeanza kusikika nyumbani kwako: "Mama, marafiki zangu waje walale kwetu siku moja tu." Kwangu ombi hilo lilikuja mwaka jana, binti yetu alipotimiza miaka 10. Nilikubali upesi. Tuliwaza keki, tukawaza soda, usiku hatukuuwaza.

Saa 11 alfajiri mke wangu aliamka akaona mlango wa bafu umerudishwa na taa imezimwa. Ndani alimkuta msichana mmoja amechuchumaa gizani, anajaribu kufua shuka bila kufungua maji sana, wenzake wasisikie. Alikuwa amekojoa kitandani. Alikuwa humo muda mrefu, miguu imekuwa baridi kama barafu, na hakuwa amemwamsha mtu yeyote. Nilipompigia mama yake simu nikiomba msamaha, alinijibu kwa upole, "Pasta, ningekuambia. Lakini hukuniuliza."

Neno hilo lilinichoma. (Mama huyo ameniruhusu kuisimulia habari hii bila jina.) Likizo hii tuliwaalika tena, wasichana watano na wetu wa sita, na huyo akiwemo. Hebu nikueleze tulivyopanga mara hii.

Tulianza na simu. Siku nne kabla, mke wangu aliwapigia akina mama wote na kuwauliza maswali manne yaleyale. Mtoto hali nini? Anatumia dawa gani? Usiku huamshwa kwenda msalani? Akitaka kurudi nyumbani, nani atakuja kumchukua? Usiulize kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu hakuna mama atakayeandika mbele ya wenzake kwamba mwanawe bado anakojoa kitandani. Na mpendwa, jua kwamba katika umri wa miaka 10 karibu mtoto mmoja kati ya 20 bado hukojoa usiku. Si uvivu, na mara nyingi mzazi wake naye alikuwa hivyo. Simu hizo zilituonyesha kwamba mmoja ana pumu, na mwingine njugu humvimbisha midomo. Mwaka jana tulikuwa na bakuli la njugu mezani! Mungu alituhurumia.

Sasa kulala. Watoto sita hawahitaji vitanda sita. Tulisukuma makochi ukutani, tukalaza sebuleni magodoro mawili ya futi 5 kwa 6. Siri ni kuwalaza kwa upana. Mtoto wa miaka 10 ana urefu wa kama futi 4 na nusu, kwa hiyo futi 5 zinamtosha, na zile futi 6 zinagawanywa kwa watatu, kila mmoja futi 2. Kila mtoto alipewa blanketi lake mwenyewe, maana blanketi moja la watu watatu ndilo huanzisha vita saa 8 usiku. Mwenye pumu alilala pembeni, karibu na dirisha lililoachwa wazi kidogo, na dawa yake ya kupuliza iliwekwa mahali ambapo yeye na mke wangu wanapajua. Hatukuwasha dawa ya mbu ya moshi, kwa sababu moshi ule humbana mwenye pumu. Sisi hapa Nakuru tuna baridi, na najua kishawishi cha kuingiza jiko la makaa ndani. Usithubutu. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na aliyelala haamki. Ongeza blanketi.

Chini ya kila shuka tulitandika karatasi ya nailoni. Angalia, nimesema kila shuka. Ukimtandikia mmoja peke yake umemtangaza. Vivyo hivyo kila mtoto aliambiwa aje na nguo mbili za kulalia, na ile ya pili ikawekwa bafuni ndani ya mfuko wenye jina lake. Taa ya korido ilibaki ikiwaka usiku kucha.

Jambo lingine nitalisema wazi, ingawa mimi ni mchungaji wao. Chumba cha wasichana wakilala, mimi siingii. Kijana wetu wa miaka 16 alilala kwa shangazi yake usiku huo. Mke wangu alilala chumba cha karibu, mlango wazi. Wazazi wote waliambiwa mapema ni nani watakuwa ndani ya nyumba. Mwenye nyumba akikasirika kwa sababu umemuuliza swali hilo, mrudishe mtoto wako nyumbani.

Chakula kilikuwa saa 1 jioni, si saa 3. Pakiti ya unga ya kilo 2 ilitoa chapati zipatazo 20. Kila msichana alikula mbili, nasi tukabaki na zetu na za asubuhi. Tulipika ndengu zisizo na pilipili na kabichi. Keki ililiwa mchana pamoja na soda. Usiku hatukutoa chai ya majani, wala kola, wala chokoleti, kwa sababu vyote hivyo vina kafeini inayofukuza usingizi. Kikombe cha mwisho kilikuwa maziwa ya uvuguvugu saa 2, kisha basi.

Tangu saa 2 tulianza kuituliza nyumba. Michezo ya kukimbia iliishia nje, jua likiwa bado lipo. Simu zote ziliingia kwenye kikapu, na runinga ikazimwa, kwa kuwa katuni moja huomba nyingine. Walisukana nywele, wakachora, kisha wakategana vitendawili. Kila mmoja alikuja na kitendawili kimoja alichofundishwa na nyanya yake, na hicho kiliwachekesha kuliko filamu yoyote. Saa 3 wote walienda msalani. Taa kubwa ikazimwa, mke wangu akawasomea hadithi kwa sauti ya chini. Hadithi za majini tulizikataa, kwa maana anayecheka saa 3 ndiye analia saa 6. Saa 3 na nusu tukaomba, wakalala. Walinong'ona kidogo, tukawaacha. Umri huo huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na hawakuwa na shule.

Saa 5 na nusu, kabla ya kulala, mke wangu alimgusa bega yule mmoja, wakaenda msalani bila neno, kama walivyopatana na mama yake.

Saa 8 usiku mwingine alikuja mlangoni. Tulikuwa tumewaambia wote, "Ukitaka kurudi nyumbani, sema tu tumbo linauma. Hatutakuuliza zaidi." Akasema tumbo linauma. Mke wangu akaketi naye jikoni, akampa maji kidogo, akamuuliza, "Nimpigie mama sasa, au tungoje dakika 10?" Akachagua kungoja. Kabla hazijaisha alikuwa amesinzia begani. Nilimkumbuka mtoto Samweli, aliyeamka mara tatu usiku akamkimbilia Eli. Alijua mzee yuko karibu na hatamfokea.

Asubuhi nilirudi sebuleni wakiwa wameshaamka na kukunja blanketi. Yule wa mwaka jana alikuwa mezani, chapati mkononi, nguo ni ileile aliyolala nayo. Mfuko wake bafuni haukufunguliwa. Lakini hata ungefunguliwa, hakuna mwenzake ambaye angejua.

Kabla hujanunua keki, mpendwa, piga zile simu. Mbarikiwe.